Malipo ya ada ya maombi yamegoma: usubiri, ubadili mtandao, uende kwa wakala wa benki au utumie kadi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, steshenari yangu hapa Morogoro hujaa vijana wanaoomba vyuo na mikopo. Kujaza fomu si tatizo, maana wengi wao wanachapa haraka kuliko mimi. Wanakokwama ni kwenye ada. Ni hela ndogo ukilinganisha na karo: vyuo vingi hutoza sh 10,000 kwa maombi, na ombi la mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, limekuwa sh 30,000. Lakini bila hiyo hela kusoma kwenye mfumo, fomu haisongi mbele hata ungekuwa na ufaulu wa daraja la kwanza.

Mtu anaingiza namba ya siri, simu inazunguka, kisha kimya. Hapo ndipo swali linapoanza: asubiri, ajaribu kwa laini nyingine, akimbilie wakala wa benki, au atoe kadi? Nimeona kila moja ya njia hizi ikimwokoa mtu, na nimeona kila moja ikimtia mtu hasara. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, ila kwanza tuelewane kuhusu namba yenyewe.

Namba inayobeba malipo

Ukifika hatua ya kulipa kwenye tovuti ya taasisi ya umma Tanzania, mfumo hukupa namba ya malipo. Kwenye skrini huandikwa Control Number, mtaani tunasema kontrol namba, na menyu nyingi za simu huiita namba ya kumbukumbu. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Inatoka kwenye mfumo wa malipo ya serikali, GePG, na imefungwa kwa bili moja: mwombaji huyu, ada hii, kiasi hiki, na tarehe yake ya kuisha.

Maana yake ni kwamba mfumo haujali nani amelipa wala ametumia nini. Mjomba akilipa kwa simu yake akiwa Tunduma, bili inayofungwa ni yako. Ndiyo sababu kubadili njia ya kulipa huku ukishikilia namba ileile ni salama zaidi kuliko kuanza upya na namba nyingine.

Kuna namba ya pili ambayo watu huichanganya na hiyo, nayo ni namba ya muamala. Hii huipati mpaka ulipe. Hutoka kwa kampuni ya simu au benki, na mara nyingi ina herufi na tarakimu pamoja. Ukipiga simu chuoni watakuuliza namba ya malipo. Ukipiga kampuni ya simu watataka namba ya muamala. Nimewahi kumsikia kijana akibishana na mhudumu wa simu kwa dakika 15 kwa sababu alikuwa anamsomea ile ya 99.

Kwanza jua hela iko wapi

Malipo yakigoma, usichague njia yoyote kabla hujajua uko katika hali ipi kati ya tatu.

Hali ya kwanza, hela haijatoka. Salio ni lilelile na hakuna meseji, au meseji imesema muamala umeshindikana. Sababu ya kawaida kuliko zote ni makato: mtu ana sh 30,000 kamili kwenye simu, ada ni sh 30,000, na amesahau kwamba kuna makato ya muamala juu yake. Ongeza kidogo, jaribu tena, imekwisha.

Hali ya pili, hela imetoka na meseji ya kuthibitisha imekuja yenye namba ya muamala, lakini tovuti bado inasema hujalipa. Hapa umeshalipa. Kinachokosekana ni taarifa kufika upande wa pili.

Hali ya tatu ndiyo mbaya. Salio limepungua lakini meseji haijaja, au imekuja inayosema muamala unashughulikiwa. Hela iko njiani, na inaweza kuishia upande wowote: kufika, au kukurudia. Karibu malipo yote ya mara mbili niliyoyashuhudia yalizaliwa katika hali hii.

Usikisie. Angalia salio, kisha omba taarifa fupi ya miamala kwenye menyu ya huduma yako. Salio peke yake linaweza kukudanganya, maana pengine lilipungua kwa bando lililojiunga lenyewe.

Ninavyozipima njia

Naangalia mambo manne. La kwanza ni hatari ya kulipa mara mbili. La pili ni ushahidi unaobaki mkononi mwako baada ya kulipa. La tatu ni muda na gharama, ukihesabu na nauli. La nne ni nani wa kumwendea mambo yakiharibika, kwa sababu kuna njia ambazo ukilalamika kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake.

Kusubiri na kufuatilia muamala uleule

Wengi hawaihesabu hii kama njia. Wanaiona uzembe. Kwa upande wa kulipa mara mbili, hakuna iliyo salama kuliko hii: hujatoa hela nyingine, basi huwezi kuwa umelipa mara mbili.

Ushahidi wake ndio dhaifu mwanzoni. Kama meseji haijaja, ulicho nacho ni salio lililopungua na mstari mmoja kwenye taarifa fupi. Piga picha ya skrini ya huo mstari, ionyeshe na saa. Kisha piga 100, ambayo ni namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu ya simu. Usiombe warudishe hela. Uliza hivi: "Muamala wangu wa saa fulani kwenda malipo ya serikali umekamilika, umeshindikana, au bado unasubiri?" Swali hilo lina majibu matatu tu, na kila jibu linakwambia cha kufanya. Ukianza kwa kusema "rudisheni hela yangu", unaweza kujikuta umefungua malalamiko juu ya muamala ambao ungefika wenyewe baada ya nusu saa.

Muda ndio bei ya kusubiri. Miamala mingi hukaa sawa ndani ya dakika chache au saa chache. Muamala uliokwama zaidi ya hapo mara nyingi hujitokeza siku inayofuata, kwa sababu watoa huduma na mfumo wa serikali hulinganisha hesabu za siku nzima, na muamala uliopotea njiani huonekana hapo. Hakuna nauli, hakuna makato mapya.

Kusubiri kunamfaa mwenye siku mbili au zaidi kabla ya dirisha kufungwa, na kunamfaa yeyote aliye katika hali ya pili, hata kama zimebaki saa chache. Aliye hali ya pili hana sababu ya kulipa tena. Anachohitaji ni kutuma ushahidi kwa dawati la msaada la taasisi kabla ya muda kuisha.

Mtandao mwingine wa simu, namba ileile

Tanzania si lazima ulipe kwa laini yako. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, ni *150*01#, na HaloPesa *150*88#. Zote zina sehemu ya malipo ya serikali. Unaingiza ile namba ya 99, na kabla ya kukuomba namba ya siri, mfumo huenda kuisoma bili na kukuonyesha kiasi, mara nyingi na jina la taasisi.

Hapo pana jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Kusoma bili ni bure. Unaweza kuingiza namba kwenye simu ya jirani, ukasoma kilichoandikwa, ukaishia hapo bila kuweka namba ya siri. Ukiambiwa bili imeshalipwa, malipo yako ya kwanza yamefika, nenda kaifungue upya tovuti. Ukiambiwa namba imeisha muda, unajua kwa nini iligoma.

Ila majibu haya yana mpaka wake, na mpaka huo ndio unaowagharimu watu. Bili ikionekana bado iko wazi, haimaanishi hela yako haiendi. Inamaanisha taarifa haijafika. Ukiwa hali ya tatu na bili inasoma wazi, ukalipa kwa laini ya pili, unaweza kuwa umetuma hela mbili kwa bili moja. Mfumo huenda ukaikataa ya pili, lakini bili zinazoruhusu kulipa kwa awamu, kama karo, huipokea bila kinyongo.

Kwa hiyo hatari ya njia hii ni ndogo ukiwa hali ya kwanza na kubwa ukiwa hali ya tatu. Ushahidi wake ni mzuri: meseji yenye namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa. Kasoro yake ni kwamba meseji hiyo iko kwenye simu ya mtu mwingine. Mwambie akutumie palepale, nzima nzima, wala asikuandikie kwa mkono. Gharama ni makato ya mtandao. Wa kumlalamikia ni mtandao uliotumika, na mwenye laini ndiye anayetakiwa kupiga, si wewe. Ukitumia laini ya mtu uliyekutana naye stendi, kumpata kesho yake ni kazi.

Inamfaa ambaye mtandao wake umelala kabisa, hela yake haijakatwa, na ana ndugu au rafiki wa karibu mwenye laini nyingine.

Wakala wa benki, tawi, au programu ya benki

Niseme wazi kwamba mimi ni wakala wa benki, kwa hiyo nina maslahi hapa. Soma ukijua hivyo.

Wakala huingiza namba ya malipo kwenye mashine, bili inasomwa, anakuuliza kama jina na kiasi ni sawa, unampa hela taslimu, mashine inatoa karatasi. Huhitaji akaunti. Tawini ni vilevile, isipokuwa foleni. Mwenye akaunti anaweza kufanya mwenyewe: NMB kwa *150*66#, CRDB kwa *150*03#, au kwa programu zao za simu.

Hatari ya kulipa mara mbili ni ileile ya mtandao wa pili, kwa sababu namba inasomwa kwenye mfumo uleule. Tofauti ni kwamba kuna mtu wa pili anayetazama skrini pamoja nawe, na wakala mzuri atakuuliza kama ulishajaribu kwingine. Mbaya hatauliza, atachukua kamisheni yake.

Kwa ushahidi, njia hii ndiyo bora kati ya zote nne kwa mtu atakayelazimika kwenda kubishana ofisini. Risiti ya benki ina namba ya malipo, jina la taasisi, kiasi, muda na namba ya muamala kwenye karatasi moja. Lakini karatasi ya mashine ya wakala ni ile inayochapwa kwa joto. Iweke kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi iliyobanana na simu, baada ya wiki kadhaa inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Ipige picha siku hiyohiyo ukiwa bado kwenye mwanga.

Muda unategemea uko wapi. Mjini ni dakika tano. Ukiwa kijijini na wakala wa karibu yuko senta, ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na unaweza kukuta mashine haina mtandao au wakala hana salio la kutosha. Ndiyo, wakala naye huishiwa. Tarehe za mwisho za maombi, jioni, salio langu huwa limekauka kwa sababu kila mtu ameleta taslimu siku hiyohiyo. Tawi nalo lina saa zake, na dirisha linalofungwa saa 5:59 usiku halijui benki ilifungwa saa 10 jioni.

Wa kumlalamikia yuko wazi: wakala kwanza, kisha tawi la benki yake. Unaweza kwenda na kukaa mbele ya mtu. Inamfaa asiye na hela kwenye simu, mzazi anayelipia mtoto na hataki habari za menyu, na yeyote ambaye taasisi yake imewahi kumwambia "hatuoni malipo yako".

Kadi

Kadi ya Visa au Mastercard huingia kwenye mambo haya kwa milango miwili. Wa kwanza ni tovuti ya ndani yenye kitufe cha kulipa kwa kadi. Wa pili, ambao ndio wenye watu wengi, ni ada ya chuo cha nje, ambako hakuna namba ya 99 na mtandao wa simu hauingii moja kwa moja. Huko kadi mara nyingi ndiyo njia ya kwanza, na ikigoma hujui pa kushika.

Kadi zetu hugoma kwa sababu zilezile mara kwa mara. Kadi haijaruhusiwa kununua mtandaoni, na benki inabidi iifungue. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyoandikisha benki miaka minne iliyopita, laini ambayo sasa anaitumia mtu mwingine. Hela iko kamili kwa kiwango cha dola ulichoona kwenye taarifa ya habari, lakini benki inabadilisha kwa kiwango chake, basi inapelea. Au tovuti inataka anwani ifanane na iliyoko benki, na wewe umeandika sanduku la posta la shule.

Hatari ya kulipa mara mbili kwenye kadi ni ya aina yake. Ukurasa ukiganda mtu huupakia upya au hubonyeza kitufe tena, na kila kubonyeza kunaweza kuwa ombi jipya. Hapa hakuna namba ya bili unayoiona ya kukulinda. Kisha meseji mbili za benki zinaingia na moyo unaruka. Tulia, kwa sababu benki ina hatua mbili: kwanza huizuia hela, baadaye huikata kabisa. Muamala ulioshindikana katikati unaweza kuacha hela imezuiliwa. Salio unaloweza kutumia linapungua, lakini hela haijaenda kwa mtu, na huachiliwa yenyewe baada ya siku kadhaa kulingana na benki. Ili kujua, uliza benki: "Huu umekatwa au umezuiliwa tu?" Kwenye programu nyingi za benki, uliozuiliwa huonekana kama unasubiri.

Ushahidi wa kadi ni barua pepe ya risiti kutoka kwa chuo pamoja na taarifa ya akaunti ya benki. Meseji ya benki pekee haitoshi, kwa kuwa inataja jina la kampuni inayokusanya malipo, na jina hilo mara nyingi halifanani na la chuo. Wa kumlalamikia ni benki yako, ambayo ina fomu ya kupinga muamala, lakini kabla ya kuijaza mwandikie chuo kwanza. Ukipinga malipo ambayo chuo kimeshayapokea, unaweza kuliharibu ombi lako mwenyewe.

Kadi inamfaa anayeomba nje, na inamfaa ndugu aliye Muscat au Toronto anayetaka kumlipia mtu wa nyumbani. Jina la kwenye kadi kwa kawaida si lazima liwe la mwombaji, mradi anayelipa aingie kupitia akaunti ya maombi ya mwombaji na risiti itumwe kwa mwombaji. Na kabla hujahangaika na kadi kwa chuo cha Marekani, andika barua pepe kwa ofisi ya udahili uulize kama wanasamehe ada ya maombi. Vyuo vingi huko vina utaratibu huo.

Kutoa namba mpya ya malipo

Sikuiweka kati ya zile nne kwa makusudi, maana ndiyo inayoonekana rahisi kuliko zote. Kwenye tovuti kuna kitufe, unabonyeza, unapata namba mpya, unalipa upya, inasoma. Raha.

Mwaka fulani alinijia kijana aliyekuwa anaomba chuo kimoja, ada sh 10,000. Alilipa asubuhi kwa simu, hela ikakatwa, meseji haikuja. Saa 6 mchana akatoa namba mpya na kulipa, ikasoma papo hapo. Saa 9 alasiri meseji ya kwanza ikaingia: imethibitishwa. Sasa alikuwa na bili mbili tofauti, zote zimelipwa kihalali. Kwa mfumo hapakuwa na kosa lolote, kwa kuwa kila namba ilidai sh 10,000 na kila namba ilipata sh 10,000. Mtandao wa simu ulimwambia hela imeshafika taasisi, hawana cha kurudisha. Chuo kikataka barua. Nauli ya kufuatilia ingekula hiyo elfu kumi, akaacha.

Wiki hiyohiyo alikuja binti mwenye tatizo lilelile. Ilikuwa Ijumaa, dirisha linafungwa usiku ule. Alikuwa amejaribu saa 12:20 jioni, salio limepungua, hakuna meseji. Alishikilia simu ya mjomba wake tayari kulipa tena. Niliingiza namba yake kwenye mashine yangu bila kupokea hela: bili iko wazi. Hiyo haikunitosha. Tukafungua taarifa fupi kwenye simu yake, muamala ulionekana unasubiri. Tukapiga 100, nao wakasema bado unasubiri. Nikamwambia tukae mpaka saa 3 usiku, na kama hakuna jibu tulipe kwa namba ileile, tukikubali hatari ya elfu kumi kuliko kukosa mwaka mzima. Saa 2:40 usiku meseji ikaja kwamba muamala umeshindikana na hela imerudi. Nikachapa risiti saa 2:45, na tovuti ikasoma kabla hajamaliza soda.

Namba mpya ina mahali pake. Ni pale ya zamani imeisha muda na umehakikisha hakuna hela iliyotoka kwa ajili yake, au ilitolewa kwa kiasi au kozi isiyo sahihi. Zaidi ya hapo achana nayo.

Ushahidi unaokubalika

Dawati la msaada linapokea mamia ya barua pepe zinazosema "nimelipa lakini haisomi". Inayojibiwa ni ile yenye jina la mwombaji kama lilivyo kwenye fomu, namba ya maombi au namba ya mtihani, namba ya malipo, namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa, yote kwenye mwili wa barua, si ndani ya picha pekee. Picha ambatanisha. Namba ziandike ili mtu aweze kuzinakili na kuzibandika kwenye mfumo wake.

Risiti ya tovuti yenyewe ikishapatikana, ipakue siku hiyohiyo. Meseji zitume kwenye barua pepe yako, kwa kuwa simu huibiwa na laini hufungwa. Na ukishalalamika hadharani kwenye ukurasa wa kampuni, jiandae kupigiwa na "mhudumu" anayetaka namba yako ya siri ili akurudishie hela. Hakuna mhudumu wa kweli anayeiomba. Meseji za namna hiyo zitume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kwa hali uliyo nayo

Kama hela haijatoka na muda upo, rudia njia ileile baada ya kuongeza salio la makato. Ikigoma mara mbili, hamia mtandao mwingine au wakala, kwa namba ileile.

Kama meseji ya kuthibitisha unayo lakini tovuti haisomi, usilipe chochote kwa mtu yeyote. Toka kwenye akaunti, ingia tena, subiri saa moja, kisha tuma ile barua pepe. Dirisha likifungwa, barua yako ina saa inayoonyesha ulilipa ndani ya muda.

Kama hela imekatwa bila meseji na zimebaki siku mbili, subiri mpaka kesho. Kama zimebaki saa chache, fanya kama yule binti: soma bili bila kulipa, angalia taarifa fupi, piga 100, jiwekee saa ya mwisho ya kungoja. Saa hiyo ikifika bila jibu, lipa kwa namba ileile kupitia wakala wa benki. Ukiipoteza ada moja, angalau utakuwa na karatasi ya kuidai.

Kama uko mbali na wakala na mtandao wako umelala, mtumie ndugu wa mjini namba ya malipo kwa meseji, usimsomee kwa simu. Tarakimu 12 zikisomwa barabarani, moja hubadilika, na akiipata bili ya mtu mwingine iliyo wazi atailipa bila kujua. Mwambie asome jina kabla ya kuweka namba ya siri.

Kama unaomba nje na kadi imegoma, usijaribu mara ya tatu. Piga benki ujue kama ununuzi wa mtandaoni umefunguliwa na laini ipi inapokea namba ya uthibitisho, kisha jaribu mara moja kwa ukurasa mpya.

Na kama umeshalipa mara mbili, andika barua moja kwa mhasibu wa taasisi, si kwa dawati la udahili. Taja namba zote mbili za malipo au namba zote mbili za muamala, onyesha ipi ilitumika kwenye ombi na ipi ni ziada, weka taarifa ya akaunti au ya simu inayoonyesha makato yote mawili, na andika akaunti ya kurudishiwa yenye jina lilelile la aliyelipa. Kama mjomba ndiye aliyelipa ya pili, barua ya pili ni yake.